Floti ndiyo inayolia, mpira ndio unaovujisha

Bili ya maji ya dada yangu ilipanda kutoka uniti 11 hadi 13 bila mgeni yeyote kuongezeka nyumbani. Usiku alikuwa akisikia tangi la choo likijijaza lenyewe kwa sekunde chache, kisha kimya. Fundi aliyeitwa alifuata sauti hiyo, akabadilisha floti, akalipwa, akaenda zake. Usiku ule ule tangi likajijaza tena.

Fundi hakuwa mzembe. Alidanganywa na sikio. Floti hulia kwa sababu inafanya kazi yake ya kurudisha maji yaliyopungua. Yanakopotelea ndiko kusikolia. Chini ya tangi, valvu ya kuflashi hukaa juu ya mpira mwembamba wa duara, na mpira huo ukichoka maji huteleza taratibu hadi ndani ya sinki la choo, yakishuka kwenye ukuta wake wa nyuma bila hata tone kusikika.

Nilipofika sikugusa kifaa chochote. Nilikausha ukuta wa nyuma wa sinki kwa kitambaa, nikabandika kipande cha tishu hapo, juu ya usawa wa maji. Baada ya dakika chache kililowa kuanzia juu kwenda chini. Basi maji yalikuwa yanatoka tangini, lakini kwa njia ipi? Yanaweza kupita chini, kwenye mpira, au floti ikayapandisha mno mpaka yakamwagikia mdomoni mwa bomba la ziada lililosimama ndani ya tangi. Nikafunga koki iliyo ukutani, nikafungua pete ya kitufe, nikanyanyua kifuniko, nikachora mstari wa penseli ndani ya tangi kwenye usawa wa maji, nikasubiri. Kosa likiwa la floti, maji hayashuki chini ya mdomo wa lile bomba. Haya yalikuwa chini yake tangu mwanzo, na katika nusu saa yakashuka sentimita 3 zaidi.

Tangi lile lina upana wa sentimita 35 na kina cha 12 kutoka mbele hadi nyuma. Kwa sentimita 3, hiyo ni lita 1.26 kwa nusu saa, yaani kama lita 60 kwa siku. Kwa mwezi ni karibu lita 1,800, na uniti moja ni lita 1,000. Zile uniti mbili za dada zikawa zimepata maelezo.

Koki ikiwa bado imefungwa, niliflashi, nikaitoa valvu. Valvu za vitufe viwili nyingi hutoka kwa kuzungushwa robo duara kinyume cha saa. Kitako hubaki kimefungwa kwenye tangi, kwa hiyo tangi halihitaji kung'olewa. Mpira ulikuwa umegeuka mgumu, na upande wa chini ulikuwa na mfereji wa duara uliochongwa na ukingo wa kitako kwa miaka ya kukandamizwa. Ukipitisha ukucha, unazama. Dada alikuwa akiweka vidonge vya klorini tangini ili choo kinukie. Vidonge hivyo huharakisha mpira kuzeeka.

Ukiwa huna mpira mpya siku hiyo, unaweza kuugeuza ule wa zamani upande wa pili kama una sura sawa pande zote. Utakusaidia kwa muda tu. Dukani nenda nao mkononi, maana kipenyo cha nje, tundu la ndani na unene lazima vyote vilingane. Kitako nilikifuta kwa kitambaa chenye siki hadi magamba ya chumvi yakaisha. Kisu na msasa visikaribie hapo: mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya maji. Mafuta ya kujipaka nayo yasipakwe, kwa sababu huvimbisha mpira.

Nikavisha mpira mpya, nikarudisha valvu hadi ikabana, nikajaza tangi, nikafunika, nikajaribu tishu. Ikalowa.

Hapa ndipo wengi hurudi dukani kununua valvu nzima. Nilinyanyua kifuniko, nikakausha, nikabandika tishu nyingine: ikabaki kavu. Nikafunika, ikalowa. Kumbe vijiti vya kitufe vilikuwa virefu kupita kiasi. Kifuniko kikikaa mahali pake vinaigusa valvu na kuizuia isikae sawasawa juu ya mpira. Nilivifupisha kwa kuvizungusha mpaka kitufe kikawa na mchezo wa milimita chache kabla ya kugusa. Kwenye matangi ya mpira wa bawaba unaovutwa kwa mnyororo, kosa hilo hilo huletwa na mnyororo uliokazwa mno. Uachie ulegee kama sentimita moja.

Jioni tulifunga koki, nikachora mstari mpya, tukalala. Asubuhi maji yalikuwa bado yanagusa mstari wa penseli.