Ukurasa wa Saba

Katika hadithi hii fupi, fundi kijana wa Kariakoo amepewa siku mbili. Mwenye hoteli anataka kuona mishono kabla ya kuagiza sare za wahudumu 20, na fundi hana ila simu yake na magauni 12 yaliyoning'inia dukani. Ni mteja wake wa kwanza mkubwa.

Nguvu ya hadithi iko kwenye rangi. Usiku wa kwanza fundi anapiga picha chini ya balbu ya duka, na kola nyeupe inatoka rangi ya maziwa ya mgando. Simu inajaribu kurekebisha yenyewe, lakini kila picha inairekebisha kivyake, hivyo gauni lile lile lina rangi mbili kwenye kurasa mbili. Asubuhi anayatundika mlangoni, kwenye kivuli, na kuweka karatasi nyeupe pembeni ya kila gauni. Karatasi ikionekana nyeupe kwenye picha, kitambaa nacho kinaaminika. Hatuelezwi kwamba huyu ni fundi makini. Tunamwona akisogeza karatasi.

Kisha PDF inagoma kwenda. Picha 12 za megabaiti 4 kila moja zinafika 48, na baruapepe yake haipokei zaidi ya 25. Anazipunguza hadi upande mrefu uwe pikseli 1600, na faili zima linashuka chini ya megabaiti 6. Mwandishi anaiandika kazi hii kwa utulivu ule ule wa kukunja pindo, nami nikaisoma bila kuchoka.

Tatizo langu ni mwisho. Mteja anapiga simu: amechagua gauni la ukurasa wa saba, anataka 20, kitambaa kile kile. Fundi anacheka kwa furaha na hadithi inakatika. Lakini mwandishi alishatuambia, mapema kabisa, kwamba kitenge hicho kilikuwa kipande cha mwisho dukani. Gauni moja linakula yadi 3, na kitenge huuzwa yadi 6. Kwa hiyo anahitaji vipande 10 vya nakshi ambayo huenda isirudi sokoni.

Hapo ndipo hadithi ilipostahili kuanza. Fundi anauza mshono, lakini picha yake imeuza kitambaa, na uaminifu wa rangi alioupigania umeifanya ahadi iwe ngumu zaidi kuivunja. Mstari mmoja chini ya kila picha, kwamba vitambaa hubadilika, ungemwokoa. Kukosekana kwake ndiko hadithi yenyewe. Mwandishi aliijua kasoro hiyo, maana yeye ndiye aliyeipanda, kisha akamwonea huruma mhusika wake. Ningependa angemwacha apokee simu ile huku jicho lake likiangukia vile vipande vilivyobaki chini ya cherehani.