Kusoma Dalili za Bei

Ustadi wa mtu anayelipia matangazo kwenye Facebook unaonekana siku chache kabla bei haijapanda, wakati ripoti bado inapendeza. Anayengoja mpaka gharama ya maonyesho 1,000 ipande huwa ameshalipa. Fundi hodari anaanzia kwa wanaolitazama tangazo, maana huko ndiko bei inakotoka: katika kila mnada Meta huunganisha dau la mtangazaji, makadirio ya uwezekano wa mtu kutenda jambo linalotakiwa, na ubora wa tangazo. Watu wakilificha au kuliripoti, ubora hushuka, na dau lilelile hununua nafasi chache zaidi.

Tuseme muuza vitenge wa Kisangani anatangaza kwa wakazi wa mji huo peke yake, na kichwa cha tangazo ni «Hutaamini bei hii», bei yenyewe haimo. Wiki ya kwanza dola 12 zinampa maonyesho 10,000, yaani dola 1.20 kwa kila 1,000. Hadhira ni ndogo, kwa hiyo wiki ya pili wengi waliofikiwa wameshaliona mara tatu au zaidi. Maoni yanabadilika: waliouliza bei wamenyamaza, na wengine wanaandika «uongo». Idadi ya waliolificha haimo katika ripoti ya kawaida, lakini kivuli chake kimo katika cheo cha ubora, kiitwacho Quality ranking kwenye skrini ya Kiingereza. Kimetoka wastani hadi asilimia 35 ya chini miongoni mwa matangazo yanayoshindania hadhira hiyohiyo. Gharama bado haijasogea sana. Wiki ya tatu dola 12 zilezile zinaleta maonyesho 6,000, na bei imefika dola 2. Kuongeza bajeti hapo ni kuwachosha watu walewale kwa haraka zaidi. Dawa ni picha mpya yenye bei iliyoandikwa wazi, au hadhira pana zaidi.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito: Meta yenyewe inasema vyeo hivi, vilivyoanza mwaka 2019, haviingizwi kwenye mnada. Ni kweli. Hata hivyo cheo hutokana na mwitikio wa watu, na mwitikio huohuo ndio unaopimwa mnadani. Ndiyo maana kinatabiri bila kusababisha. Wengine watasema bei hupanda kila Desemba kwa sababu ya ushindani tu. Hapo linganisha na tangazo lako jingine kwa hadhira hiyohiyo: bei ya yote mawili ikipanda, soko limepanda, ikipanda ya moja huku cheo chake kikishuka, kasoro ni ya tangazo hilo. Kabla ya maonyesho 500 cheo hakionekani kabisa, na tangazo lenye cheo kibaya lakini linalouza kwa faida liachwe lilivyo. Basi wewe unayelipia matangazo Kisangani, soma maoni na cheo cha ubora kila wiki kabla hujagusa bajeti.