Mi-solo na Kavacha

Roki iliingia katika muziki wa bendi zetu kwa ngoma zaidi kuliko kwa gitaa. Vijana walioanzisha Zaiko Langa Langa mjini Kinshasa mwishoni mwa 1969 waliacha tarumbeta na saksafoni, tegemeo la orkestra za wakubwa wao, wakaipandisha mbele bateri iliyokuwa ikitamba katika roki na soul. Lakini mpigaji wa roki hukazia ngoma ndogo kwenye pigo la 2 na la 4. Kavacha, mdundo unaohusishwa na Meridjo Belobi wa bendi hiyo, una mapigo 5, matatu kisha mawili, mpangilio ambao mchezaji wa rumba alikuwa nao miguuni tangu zamani. Chombo kilitoka ng'ambo. Namna ya kuugawa wakati haikutoka huko.

Aliyefanikisha ndoa hiyo, kwa maoni yangu, ni mpigaji wa mi-solo, na hasifiwi inavyostahili. Sebene ikifunguka, gitaa la ridimu huzungusha akordi, solo hupaa juu, naye hukaa katikati akirudia noti chache mahali ngoma ilipoacha nafasi. Asiyekomaa utamtambua upesi: hugonga pamoja na ngoma, nafasi zinaziba, na wimbo unakuwa mzito ingawa mwendo haujapungua. Fundi humwachia mwenzake upenyo, na unamsikia zaidi pale anaponyamaza.

Ufundi huo ulifika Nairobi pamoja na wanamuziki wa Kongo. Super Mazembe, iliyoanza Kongo kwa jina la Super Vox mwaka 1967, ilihamia Nairobi 1974. Les Mangelepa walijitenga na bendi ya Baba Gaston mwaka 1976. Santuri za 45 ziliwabana: mara nyingi uimbaji ulikaa upande wa kwanza, sebene upande wa pili, dakika chache tu, hivyo kila noti ililazimika kuwa na kazi.

Wako wanaosema hii si roki, kwa kuwa gitaa halingurumi. Wanatafuta mkopo mahali ambapo haukuwekwa, wasikilize bateri. Wengine watasema ni mali ya Kinshasa na Kilingala. Hoja hii ina uzito, kwani chimbuko ni huko. Lakini Nairobi bendi hizo ziliimba Kiswahili pia, na wimbo «Shauri Yako» ulienea kwa lugha hiyo. Msikilizaji wa Butembo au Beni, anayeishi kati ya Kiswahili, Kinande na Kilingala, kwenye barabara inayokwenda Kasindi na Uganda, hana haja ya kuchagua upande mmoja.

Lawama ngumu zaidi ni kwamba sebene hujirudia. Ni kweli, hujirudia kwa makusudi. Mi-solo ikishikilia mzunguko uleule, solo inaweza kubadili noti moja, au kuichelewesha kidogo, na mchezaji akaitambua papo hapo kwa sababu sikio lake lilikuwa likiingoja ile ya awali.