Riba ya 18 Iliyogharimu Zaidi Kuliko Riba ya 24

Nimetunga ofa mbili za mkopo kwa mtindo wa maelezo ambayo mkopaji hukabidhiwa dirishani. Ya kwanza, tuiite A, inasema: "Kopa shilingi 1,200,000, lipa kwa miezi 12. Riba ni asilimia 1.5 tu kwa mwezi kwa mkopo wote. Ada ya kushughulikia mkopo asilimia 2 na bima asilimia 1 vinakatwa kabla ya kupokea fedha. Rejesho likichelewa, faini ni asilimia 5 ya rejesho hilo." Ofa B inasema: "Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 24 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Ada asilimia 1 inakatwa kwenye mkopo. Unaweza kufunga mkopo mapema bila adhabu."

Wengi wanaochora jedwali hapa huanza kwa kunakili: safu ya "Riba", upande mmoja 1.5 kwa mwezi, upande wa pili 24 kwa mwaka. Aliye makini kidogo huzidisha 1.5 kwa 12, akapata 18, kisha akaichagua A. Jedwali lake ni nadhifu lakini linapotosha, kwa sababu 18 na 24 hazikupigiwa deni lilelile.

Kwa A, riba ni shilingi 18,000 kila mwezi bila kujali umeshalipa kiasi gani. Ongeza 100,000 ya mkopo wenyewe, rejesho linakuwa 118,000. Mwezi wa 12 unadaiwa 100,000 tu, lakini bado unatozwa 18,000 ileile. Kwa B, riba ya mwezi ni asilimia 2 ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza ni 24,000, zaidi ya A. Lakini katika rejesho la 113,472, shilingi 89,472 zinapunguza deni, kwa hiyo mwezi wa pili riba inashuka hadi takriban 22,211, na inaendelea kushuka hadi mwisho. Rejesho la B halipatikani kwa kugawanya tu. Katika Excel linaandikwa hivi:

```
=PMT(2%,12,-1200000)
```

Basi safu za jedwali zisitokane na maneno ya mkopeshaji, bali na maswali ya mkopaji: napokea ngapi, nalipa ngapi kila mwezi, nitakuwa nimelipa ngapi mwishoni? Kila asilimia igeuzwe kuwa shilingi kabla ya kuingia.

| Swali | Ofa A | Ofa B |
|---|---|---|
| Fedha inayofika mkononi | 1,164,000 | 1,188,000 |
| Rejesho la mwezi | 118,000 | 113,472 |
| Jumla ya marejesho | 1,416,000 | 1,361,664 |
| Gharama yote ya mkopo | 252,000 | 173,664 |
| Faini ya rejesho moja kuchelewa | 5,900 | haikutajwa |
| Kufunga mkopo mapema | haikutajwa | bila adhabu |

Gharama yote ni jumla ya marejesho ukitoa fedha iliyofika mkononi. Usitoe 1,200,000: ada na bima zilizokatwa mwanzoni zitapotea katika hesabu, ilhali ni fedha ambazo hukuzishika na bado unazilipia riba. Katika mfano huu A inazidi B kwa shilingi 78,336.

Safu mbili za mwisho nazithamini sana. Maelezo ya mfululizo huficha kilichoachwa; msomaji wa B hafikirii faini kwa kuwa haikutajwa. Jedwali linaacha chumba kitupu, na hapo ndipo makosa huingia: mtu anaandika 0 au kistari, na baadaye anakisoma kana kwamba faini haipo. Andika "haikutajwa", kisha umuulize afisa mikopo na uombe jibu kwa maandishi. Kwa A, swali la kufunga mapema ni zito zaidi. Mkopeshaji wa namna hiyo anaweza kudai riba ya miezi yote 12 hata ukimaliza deni mwezi wa sita.

Jedwali hili lina mpaka wake. Safu ya gharama yote inalinganisha vizuri kwa kuwa mikopo yote miwili ni ya miezi 12. B ingekuwa ya miezi 18, rejesho lingepungua na jumla ya riba ingeongezeka, na mkopo wenye unafuu ungeonekana ghali. Muda ukitofautiana, ongeza safu ya riba halisi ya mwezi, inayohesabiwa kwa fedha iliyofika mkononi:

```
=RATE(12,-118000,1164000)
=RATE(12,-113472,1188000)
```

Ya kwanza inatoa takriban asilimia 3.15, ya pili 2.16. Ile asilimia 1.5 ya tangazo la A imezidi maradufu, na kwa mkopaji mwenye uwezo wa kulipa kila mwezi, B ndiyo ya kuchukua, mradi jibu la faini lipatikane kabla ya kutia saini.