Barua Inayomkuta Mwenyewe

Katika misiba ya Ngara na Biharamulo, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, kabla jeneza halijapelekwa kaburini husimama mtu wa ukoo akiwa na karatasi mkononi, akasoma historia ya marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaoa, akajaliwa watoto kadhaa, akaanza kuugua lini, akalazwa wapi, ameacha mjane na wajukuu wangapi. Watu hunyamaza wakasikiliza, na mara nyingi hujitokeza jambo moja jema ambalo hata jirani wa mpakani hakuwahi kulijua. Asiyelisikia ni mwenyewe tu.

Nataka kuisifu karatasi nyingine, isiyosomwa uwanjani. Ni barua ya kuaga ambayo mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima humwandikia mzazi wake mwenye ugonjwa usio na tiba, ikamkuta bado ana nguvu ya kusema, "Hapo siyo, haikuwa hivyo." Hicho ndicho kinachoitenga na maneno mengine yote tunayosema kuhusu wafu wetu: anayeandikwa yupo, anasikia, na anaweza kusahihisha.

Kuiandika ni kazi ngumu, na sababu mojawapo ni kwamba hatuna mfano wake. Katika fasihi yetu maneno ya kuagana hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia bintiye mawaidha. Miaka ya 1990, jirani zetu wa Uganda walipokuwa wakizika vijana kila wiki, akina mama wa chama cha NACWOLA waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI waliwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu ili wajue walikotoka. Kagera yetu, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, inaijua vizuri haja iliyovizaa vitabu hivyo. Lakini mtoto kumwandikia mzazi anayekwenda? Hapo kila mtu huanza kwenye ukurasa mtupu.

Hata barua tuliyofundishwa darasani inakwama. Baada ya salamu, kila mwanafunzi wa shule ya msingi alijua sentensi inayofuata: dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, natumaini hujambo na unaendelea vizuri na shughuli zako. Sentensi hiyo huwezi kumwandikia mtu anayegeuzwa kitandani. Nimeona watu wakiiandika kwa mazoea, wakaikata, wakaiandika tena, kisha kalamu ikasimama kabisa. Na ukiiondoa unakutana na kikwazo cha pili, kikubwa zaidi. Kwetu kumtajia mgonjwa kifo ni kumchuria. Ndugu watakuuliza kama umechoka kumuuguza.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Biharamulo, alivipita vikwazo vyote viwili mbele ya macho yangu. Baba yake alikuwa ng'ambo ya pori, upande wa Ngara, ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Ugonjwa huo ukifika huko maumivu hukaa mgongoni na kwenye nyonga, miguu nayo inaweza kupoteza nguvu, lakini mara nyingi akili hubaki timamu kwa muda mrefu. Safari ya Mwanza, hospitali ya Bugando, ilikwisha fanyika, na familia ilikuwa imeambiwa arudishwe nyumbani, apewe dawa za kutuliza maumivu na atunzwe vizuri. Kilichobaki kilikuwa muda, na haukuwa mwingi.

Rasimu ya kwanza ya mwalimu ilikuwa nzuri kwa namna ambayo haikufaa. Ilisema baba alikuwa nguzo ya familia, mwenye upendo, mchapakazi, mcha Mungu. Maneno hayo yangeweza kusomwa juu ya jeneza la mzee yeyote kutoka Rusumo hadi Nyakanazi, na mgonjwa akiyasikia atatambua mara moja kwamba ameanza kuombolezwa akiwa hai. Hapo ndipo uchuro ulipo, kwa maoni yangu. Haumo katika kutaja safari. Umo katika kumsifu mtu kwa sifa za marehemu.

Tulikaa mezani kwake, tukafuta kila sifa na kuweka mahali pake tukio moja. "Mchapakazi" likatoka, yakaingia mabati. Alipokuwa mdogo nyumba yao ilikuwa ya nyasi. Baba alinunua mabati kidogo kidogo kila msimu wa kahawa, akayaegemeza ukutani chumbani, na watoto waliyahesabu kila jioni wakingoja nyumba mpya. Mwaka alioingia sekondari ya bweni mabati yale yakatoweka. Hakuna aliyeuliza. Yeye aliamini maisha yake yote kwamba baba aliyauza ili alipe ada, na kwamba familia iliendelea kuvujiwa na mvua kwa miaka mingine kwa ajili yake. Aliandika hivyo, kwa sentensi fupi: "Baba, nilikuwa nayahesabu. Nilijua yamekwenda wapi. Sikuwahi kusema asante."

Kwenye kuaga kwenyewe hakutaja kifo hata mara moja, na hakudanganya. Aliandika kama mtoto anayeondoka nyumbani, anayempa baba taarifa ya mambo aliyoachiwa: mama atakaa na nani, nani atapalilia mibuni, yule mdogo wa mwisho atamaliza chuo na ada yake imepangwa hivi na hivi. Mzee yeyote anajua maana ya taarifa kama hiyo. Wagonjwa wengi hushikiliwa na mzigo ambao hakuna aliyewaambia kwamba umekwisha kupokewa, na barua inayoupokea kwa majina na mipango huwapumzisha kuliko faraja ya jumla.

Daktari wa Marekani Ira Byock, aliyefanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa aina hii, ameandika kwamba mambo ya kuambiana ni manne: nisamehe, nimekusamehe, asante, nakupenda. Ni mwongozo mzuri, lakini kwenye nyumba za kwetu una mahali unapogonga ukuta. Mtoto kumwomba baba radhi ni sawa kabisa, tena barua isiyoomba radhi itaonekana ina kiburi. Ila mtoto kumwambia baba "nimekusamehe" ni kujiweka juu yake. Mwalimu alikuwa na kinyongo cha kweli: baba aliwahi kumkataa mchumba wake mbele ya wageni. Aliandika hivi: "Lile la mwaka ule wa posa limekwisha, baba. Silikumbuki kwa ubaya, na wajukuu zako hawatalisikia kwangu." Msamaha umo wote humo, na heshima ya mzee haikuguswa. Kuhusu upendo, tuliacha tukio la mabati liuseme.

Barua ilijaa kurasa mbili za daftari, na hapo nikamwomba aishie. Inasomwa kwa sauti dakika tano au sita, ambazo mgonjwa mwenye maumivu anaweza kuzistahimili. Sentensi ambayo msomaji haimalizi kwa pumzi moja huvunjwa, kwa sababu sauti ikikatikia katikati ya sentensi ndefu machozi hupata nafasi. Msomaji akilia, mgonjwa huacha kusikiliza akaanza kumbembeleza. Mzazi ni mzazi hata akiwa kitandani. Mwalimu aliisoma peke yake chumbani jioni baada ya jioni, mpaka akaweza kuifikisha mwisho bila kusimama. Na kwa kuwa baba alikuwa na Kiswahili cha sokoni na ofisini, huku mambo ya moyoni akiyasema kwa Kihangaza, karatasi ilibaki ya Kiswahili ila mdomo ulisoma Kihangaza. Hilo nalo alilifanyia mazoezi, maana kutafsiri papo hapo huku umeshika mkono wa baba yako si jambo la kubahatisha.

Saa ya kusoma nayo inachaguliwa. Mzee alikuwa anakunywa mofini ya maji, ambayo hutolewa kila baada ya saa nne. Siku mbili tatu za mwanzo dawa hiyo huweza kumtia mgonjwa usingizi, kisha mwili huizoea. Dozi ikimezwa, ndani ya nusu saa hadi saa moja maumivu hulegea na uso hufunguka. Hapo ndipo pa kusoma, kabla maumivu hayajaanza kurudi na kabla sebule haijajaa wageni wa kumjulia hali. Anayengoja siku ambayo moyo wake mwenyewe utakuwa tayari anaweza kumkuta mgonjwa amekwisha kuanza kulala mchana kutwa, anachanganya majina, anaongea na ndugu waliotangulia. Akifikia hapo kurasa mbili hazina kazi tena. Chukua sentensi tatu, umsemee sikioni polepole.

Mwalimu hakuchelewa. Alifika kwa basi siku ya Ijumaa, akamwamkia baba shikamoo, akasubiri dozi ya asubuhi ya Jumamosi. Alipofika kwenye mabati mzee aliinua mkono. Akamwambia hakuyauza. Aliyatoa yaezekwe nyumba ya mjane wa jirani, ambaye mumewe alikufa kwa UKIMWI wakati watu walikuwa wakiogopa hata kupita uani kwake. Mabati yalitolewa usiku ili mama yule asionekane ombaomba. Na ada? Mzee akacheka kidogo, kicheko kilichomuumiza mgongo. Ada ilitoka kwenye pombe ya ndizi ya mama, mitungi kwa mitungi, miaka yote ile. "Mimi nilikusindikiza mpaka stendi tu," alisema. "Aliyelipa ni huyu," akaelekeza kidevu jikoni.

Mwalimu alikata mistari miwili kwa kalamu na kuandika pembeni mwa ukurasa alichoambiwa, kwa maneno ya baba mwenyewe, kisha akaendelea kusoma hadi mwisho. Mzee akampa radhi kwa mkono kichwani, akaitaka barua, akaiweka chini ya mto.

Alipofariki kaka mkubwa alishauri isomwe msibani, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa vizuri. Mwalimu alikataa, nami namuunga mkono: barua ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikwisha kuisikia. Kilichohamishiwa kwenye historia ya marehemu ni habari ya mabati peke yake, baada ya watoto wa yule mjane kuombwa ruhusa. Siku arobaini zilipopita, mwalimu alichukua daftari lilelile akafungua ukurasa mpya. Sasa anamwandikia mama yake, ambaye ni mzima na bado analima, na ameanzia kwenye mitungi.