Saa nane ya nani? Tangazo la kliniki lililompoteza mgonjwa

Juzi jirani yangu, mama anayetumia dawa za presha, alinijia akiwa amefura. "Prof, hawa watu wameandika wanafungua saa nane. Nimefika saa nane kasorobo, bawabu ananiambia wanafunga! Na nimebaki na tembe ya leo tu."

Akanionyesha simu. Alikuwa ametumiwa picha moja kwenye kikundi cha chama chao: 'Saa mpya: 8:00 hadi 2:00'. Niliitafuta asili yake, nikapata kwamba tangazo zima lina picha nne za kutelezesha kwa kidole. Ya kwanza inaeleza kwamba paa linakarabatiwa. Ya pili inatoa tarehe: Jumatatu, Agosti 4 hadi Ijumaa, Agosti 15. Ya tatu ndiyo hiyo ya saa. Ya nne inataja zahanati jirani itakayotoa dawa za presha na sukari alasiri.

Kwa kweli tangazo hili limeyapita mengi. Siku imeandamana na tarehe, hivyo hakuna wa kuuliza 'Jumatatu ijayo' ni ipi. Mbadala nao umetajwa pamoja na huduma yake.

Lakini aliyeandika picha ya tatu aliwaza kwa Kiingereza. Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita. Kwa bahati mbaya, tofauti hiyo huzifanya 8 na 2 zibadilishane nafasi. Saa nane mchana hadi saa mbili usiku ni muda ambao kliniki inaweza kufanya kazi, kwa hivyo msomaji hashtuki. Angesoma '10 hadi 4', yaani saa kumi jioni hadi saa nne usiku, pengine angeshuku na kuuliza.

Tiba ni kuandika kwa maneno na kutaja kipindi cha siku: 'saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana'.

Neno 'hadi' nalo lina utata. Je, Agosti 15 imo au haimo? Sentensi moja ingetosha: 'Tutarejelea saa za kawaida Jumatatu, Agosti 18.'

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba picha nne zitasafiri pamoja. Watu husambaza moja, ile wanayoiona ya maana. Mama huyu hakuiona ya nne, hivyo hakujua kwamba alasiri hiyohiyo dawa zilikuwa zikitolewa jirani. Basi picha ya saa ingepaswa kujitegemea:

'Agosti 4 hadi 15 (siku zote mbili zikiwemo), tunahudumu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Baada ya hapo, fuata dawa za presha na sukari katika zahanati ya jirani.'

Jina la kliniki na la zahanati hiyo yawekwe papo hapo. Nilimsomea mama maneno hayo. Akaniuliza, "Sasa hiyo ilikuwa ngumu wapi?"