Msomaji wa Barua za Wenzake

Siku hizi ujumbe wa mapenzi husomwa na yeyote aliyeshika simu. Mama asiyejua kusoma humpa mtoto wake, mtoto husoma nusu kwa sauti mbele ya wageni, hucheka, kisha huupiga picha na kuwatumia wenzake. Kila nionapo hayo humkumbuka mwalimu mmoja wa Kasulu, sasa marehemu, aliyewasomea barua wake za manamba kwa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kumsikia akitaja hata mstari mmoja pamoja na jina la mwenye barua.

Wanaume wa Buha walikwenda Tanga kukata mkonge, wengi wao kupitia SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoundwa mwaka 1944 kwa ajili ya mashamba hayo. Wakajifunza Kiswahili cha kambini, na barua zao wakaandikiwa kwa Kiswahili hicho na mwenzao aliyejua kalamu. Nyumbani mke alijua Kiha tu. Basi maneno ya wawili yalipita kwa watu wengine wawili kabla ya kufika. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisomo kilishika kasi na kazi ya mwalimu ikapungua, lakini haikwisha.

Barua zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Mwalimu hakutangaza kwamba fulani ana barua, maana mama mkwe angetangulia kufika. Alimtuma mtoto aseme tu, "Mwalimu anakuita." Hakumsomea mtu ndani, kwa sababu mwanamke akijifungia na mwanamume kijiji kitasema, wala barazani, kwenye masikio ya wapita njia. Walikaa chini ya mwembe kando ya uwanja wa mpira, mahali ambapo kila mtu aliwaona na hakuna aliyewasikia. Alimwonyesha kwanza gundi ya bahasha kuwa haijaguswa, kisha mwenyewe mke akaichana.

Aliisoma yote kimya mara moja, ndipo akaitoa kwa Kiha, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Hakusema "mumeo anasema". Alisema "mimi", kama ilivyoandikwa, hata palipokuwa na maneno ambayo mwanamume hamwambii mke wa mwenzake. Hapo aliangalia karatasi tu, hakumwangalia mke usoni.

Wasomaji wavivu waliziruka salamu. Tunazijua sote: mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali, nisalimie fulani na fulani. Mwalimu alisoma kila jina, kwa mpangilio uleule. Mke alikuwa akihesabu. Kama mama yake alisalimiwa kila barua na safari hii hayumo, hiyo ni habari, pengine nzito kuliko habari ya mshahara. Anayefupisha salamu humnyima mke habari hiyo bila kujua.

Kuna barua moja aliyonisimulia uzeeni, bila kumtaja mtu wala mwaka. Mume aliandika kwamba anakaa na mwenzake, wanapika pamoja, na huyo mwenzake alimuuguza alipopata homa. Mke akauliza: ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakikusema, na Kiha nacho kingeweza kunyamaza vilevile. Mwalimu alijua kambi zile, alijua kwamba vibarua wengi walilala chumba kimoja wanaume kwa wanaume, na neno moja la faraja lingemtuliza yule mama. Hakulitoa. Alimjibu, "Hakuandika. Ukitaka tutamuuliza." Nampa haki kabisa. Angesema mwanamume, angekuwa amemjibia mume swali ambalo hakuulizwa, na siku ukweli mwingine ukijulikana, barua zote zilizotangulia zingeingiwa na shaka. Neno lililofutika kwa maji ya mvua nalo alilitaja kuwa limefutika, hakulikisia.

Jibu liliandikwa siku nyingine, mke akishatulia. Mwalimu aliandika kwa Kiswahili, akamrudishia kwa Kiha sentensi kwa sentensi mpaka akubali, kisha bahasha ikafungwa mbele yake. Karatasi zilizoharibika alimpa mke akazichome mwenyewe. Mume akirudi likizo na kuuliza, "Alisema nini barua yangu ilipofika?", alijibiwa akamuulize mkewe.

Leo tuna simu zinazopeleka neno Tanga kwa sekunde, lakini watu wa namna hiyo tumewaacha wakazeeka na kufa bila kuwauliza wanafanyaje. Mama, shangazi au jirani akikupa simu umsomee, soma huo ujumbe mmoja wote, kwa sauti anayoisikia yeye peke yake, usipandishe juu kuona uliotangulia, kisha mrudishie simu yake.